Siku saba za bure: kusoma vigezo na masharti kabla kadi haijakatwa

Dada mmoja wa Uyole aliingia steshenari kwangu pale Kabwe asubuhi ya tarehe 25 Juni, ile baridi ya Mbeya inayofanya watu waongee mikono ikiwa mifukoni. Hakuja kutoa kopi. Aliweka simu mezani akanigeuzia kioo.

"Kaka, naomba unisomee hii. Jana usiku nimeweka laki na nusu kwenye kadi, nilipie ada ya maombi ya chuo cha nje. Kulikuwa na elfu tano nyingine humo. Leo nakuta elfu hamsini na moja tu."

Ujumbe ulisema TZS 103,974 zimelipwa kwa kampuni ambayo jina lake lilikuwa herufi zimebanana na namba ya simu ya Marekani. Nikamuuliza kama amewahi kuijaza kadi hiyo kwenye tovuti yoyote. Akasema hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Labda ile ya kubadilisha PDF kuwa Word. Lakini ile ilikuwa ya bure."

Ile ya bure ndiyo iliyomkata. Watu wa aina hii huja kwangu mara kwa mara, na wengi ni wanafunzi na waombaji wa kazi, kwa sababu mifumo ya maombi hudai vyeti viwe PDF, na mtu anayetaka kurekebisha CV yake saa tano usiku hubonyeza tovuti ya kwanza inayotokea. Nitaeleza mwongozo huu kwa kufuata kesi ya huyu dada mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ina karibu kila mtego ninaoujua. Mahesabu yote ya dola nayafanya kwa shilingi 2,600 kwa dola moja. Benki yako itatumia bei yake, na mara nyingi itaongeza ada ya muamala wa nje.

Kadi ikishaingia, haitoki yenyewe

Anza kuelewa hapa, maana kosa la wengi ni kudhani kwamba kila malipo ya mtandaoni lazima yapite mikononi mwao. Tumezoea pesa za kwenye simu: hakuna senti inayotoka bila wewe kuweka namba ya siri. Kadi haifanyi kazi hivyo.

Unapoandika zile tarakimu 16, tarehe ya kuisha na zile namba 3 za nyuma, tovuti hupitisha muamala wa majaribio, kwa kawaida wa dola 0 au dola 1 inayorudishwa baadaye. Wanachotafuta pale si dola. Wanataka kujua kama kadi iko hai, na kupata ruhusa ya kuitunza. Pengine utatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu siku hiyo ya kwanza. Kuanzia hapo makato yanayofuata huanzishwa na mfanyabiashara mwenyewe kwa kadi aliyoitunza, na kwa kawaida hayakuombi namba yoyote. Ndiyo maana yanaweza kupita saa nane usiku ukiwa umelala.

Kwa hiyo tovuti inayotoa kitu bure kabisa haina haja na kadi yako. Ikiidai, chukulia kwamba umeshaanza kununua, ila siku ya kulipa imesogezwa mbele. Hilo si lazima liwe utapeli. Kampuni nyingi zenye heshima hufanya hivyo na huandika wazi. Na usidhani pia kwamba wanaoficha ni wa vichochoroni tu: Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 nchini Marekani kumaliza kesi ya kuwaingiza watu kwenye huduma ya Prime bila ridhaa ya kweli, na kuwawekea vikwazo waliotaka kujitoa.

Hatua ya kwanza: soma kitufe na kilichokizunguka

Watu huniambia masharti ni marefu, kurasa 20 za Kiingereza cha mawakili, nani atasoma? Nakubali. Mimi pia sisomi zote. Habari ya bei mara nyingi haiko huko mbali kwanza. Iko sentimita moja chini ya kitufe, kwa maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Ni kama tangazo la redioni: dakika nzima ya zawadi, kisha sauti inakimbia "vigezo na masharti kuzingatiwa" kabla hujaweka kikombe cha chai chini.

Kwa hiyo nilimwambia dada turudi kwenye ukurasa uleule aliojiungia. Kitufe kilikuwa kikubwa, cha kijani: "Start free trial". Juu yake "Due today: $0.00", yaani leo hulipi kitu. Chini ya kitufe kulikuwa na mstari ambao kwenye simu yake ilibidi tuukuze kwa vidole viwili. Ulikuwa na vipande vinne, na kila kimoja kilikuwa na jambo lake.

Cha kwanza kilikuwa "then $39.99". Hilo neno "then" ndilo la kutafuta kwanza kwenye ukurasa wowote wa aina hii. Maana yake ni "baada ya hapo", na namba inayolifuata ndiyo bei halisi ya kitu unachochukua. Dola 39.99 ni shilingi 103,974.

Cha pili kilikuwa "every 4 weeks". Dada alisoma akasema, "Si ni kila mwezi tu?" Hapana. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo kila wiki 4 ni makato 13, si 12. Kwa bei ile, mwaka mzima ni shilingi 1,351,662 badala ya 1,247,688. Laki moja na ushee imejificha kwenye tofauti kati ya "wiki nne" na "mwezi". Tena tarehe ya kukatwa husogea kila mara, ukishindwa kuikariri.

Kinyume chake ni "billed annually". Utaona bei imeandikwa dola 4.99 kwa mwezi, unaona ni nafuu, kumbe maneno hayo ya pembeni yanasema utatozwa mwaka mzima kwa mkupuo. Dola 4.99 mara miezi 12 ni dola 59.88, na zote zinatoka siku moja: shilingi 155,688. Kwangu huu ndio mtego mbaya kuliko ule wa wiki nne, kwa sababu ukishtuka mwezi wa pili pesa ilishakwenda.

Kipande cha tatu kilikuwa "auto-renews", yaani usajili unajihuisha wenyewe. Cha nne, "unless canceled": isipokuwa umefuta. Ukiviunganisha, ukimya wako ndio unaohesabiwa kuwa ndiyo. Wao hawatauliza tena.

Mara nyingine kuna kisanduku kidogo ambacho tayari kimewekewa alama ya vema, kikikuunganisha na huduma nyingine ya ziada. Kiondoe alama. Ukikuta kitufe hakikubali kubonyezwa baada ya kukiondoa, funga ukurasa.

Hatua ya pili: tafuta maneno matano kwenye masharti

Sasa ndipo tunaingia kwenye zile kurasa 20, lakini kwa mlango wa nyuma. Bonyeza "Terms of Service" au "Terms and Conditions", mara nyingi iko chini kabisa ya ukurasa. Kama uko kwenye simu na Chrome, gusa vile vidoti vitatu juu kulia, kisha "Find in page". Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F. Kisanduku kikifunguka, andika neno moja baada ya jingine:

```
trial
renew
cancel
charge
refund
```

Kila neno litakurukisha kwenye aya zinazolitaja. Soma aya hiyo na ile inayoifuata, basi. Andika "cancel" tu, usiandike neno refu zaidi, kwa sababu Wamarekani wanaandika "canceled" na Waingereza "cancelled", na ukiandika moja utaikosa nyingine.

Unachotafuta ni majibu ya maswali machache, nami huwaambia watu wayaandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, maana usipoweza kuliandika kwa maneno yako bado hujalielewa. Kipindi cha majaribio kinaisha saa ngapi, na kwa saa za wapi? Nisipofanya chochote nitakatwa kiasi gani, na kila baada ya muda gani? Nafuta wapi? Nikishakatwa, kuna kurudishiwa?

Swali la saa lina visa vyake. Dada alijiunga tarehe 4 Juni saa tano usiku. Mbeya kukiwa saa tano usiku, pwani ya magharibi ya Marekani mwezi Juni ni saa saba mchana. Kampuni nyingine zinahesabu saa 168 kamili tangu ulipobonyeza, nyingine zinaihesabu siku ya kujiunga kuwa siku ya kwanza hata kama imebaki saa moja iishe. Masharti yakisema "11:59 PM UTC", hiyo kwetu ni saa nane na dakika 59 usiku, tarehe imeshageuka. Halafu kuna sharti la kawaida kabisa kwenye programu zinazopitia Apple: lazima ufute angalau saa 24 kabla ya kipindi kuisha, na makato yanaweza kufanyika ndani ya saa hizo 24. Ndiyo kusema siku saba kwa hakika ni sita. Mimi hupunguza siku mbili na kuacha ubishi: bure ya siku saba, siku yangu ya mwisho ni ya tano.

Kwenye "refund" utakutana na "non-refundable", kwamba pesa ikitoka hairudi. Usikate tamaa na neno hilo. Hayo ni masharti ya kampuni, na juu yao kuna sheria za mitandao ya kadi, yaani Visa na Mastercard, ambazo nitazifikia.

Na kwenye "cancel", angalia njia wanayoitaka. Kama walikuandikisha kwa kubonyeza mara mbili ila kujitoa wanataka upige simu Marekani saa za kazi za huko, jibu umelipata. Usiweke kadi.

Hatua ya tatu: ukiamua kuingia, ingia na njia ya kutokea

Kuna wakati kitu unakihitaji kweli. Basi usitumie kadi ya benki inayopokea mshahara. Tumia kadi pepe, ile ya namba tu unayoitengeneza kwenye simu kupitia huduma ya pesa ya mtandao wako, na uiwekee kiasi kidogo. Tovuti nyingine huzikataa kadi za aina hii, lakini nyingi huzikubali.

Huyu dada alifanya hivyohivyo, akaamini amewaweza. Aliweka shilingi 5,000, akajua hawatapata cha kukata. Na ni kweli, tarehe 11 Juni walijaribu, salio halikutosha, muamala ukakataliwa. Hakuuona hata ujumbe. Ila salio kutotosha hakufuti usajili. Kwao ni deni linalosubiri, na mashine yao inarudi kugonga. Visa inamruhusu mfanyabiashara kujaribu tena muamala uliokataliwa hadi mara 15 ndani ya siku 30. Kwa hiyo tarehe 24 usiku alipoweka 150,000 za ada ya maombi, aliziweka mbele ya mlango ambao mtu alikuwa bado anaugonga.

Kadi pepe yenye salio dogo inakupunguzia hasara. Kukutoa kwenye usajili haiwezi. Ukitaka kuitegemea, tengeneza kadi ya kazi hiyo moja, na ukimaliza ifunge kabisa, usiiwekee tena pesa ya jambo jingine.

Na kadi ya benki? Watu huniambia, "Nitabadilisha kadi, watanipatia wapi?" Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapa wafanyabiashara namba mpya za kadi za wateja wao wa kudumu, pale benki iliyotoa kadi inapokuwa imejiunga na huduma hiyo. Iliwekwa ili kadi yako ikiisha muda usikatiwe huduma unazozitaka. Inawafuata pia wale wanaokimbia.

Hatua ya nne: futa siku ileile

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo watu huipuuza. Usiweke kengele ya siku ya tano. Futa dakika kumi baada ya kujiunga. Kampuni nyingi hukuachia huduma hadi kipindi cha majaribio kiishe hata ukiwa umefuta tayari. Google Play ndivyo inavyofanya. Chache hukukatia papo hapo, na hilo utalijua kwa kusoma aya ile ya "cancel". Kama zinakata papo hapo, maliza kazi yako kwanza, pakua faili lako, kisha futa kabla hujalala.

Mahali pa kufutia ni pale uliposajilia. Hapa watu wanachanganya sana. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti kitu. Kama ulijiunga kupitia Play Store, ifungue, gusa picha yako juu kulia, kisha "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", chagua huduma, halafu "Cancel subscription". Kwenye aifoni ni "Settings", jina lako juu kabisa, kisha "Subscriptions". Lakini kama uliandika namba za kadi kwenye tovuti yenyewe, kama huyu dada, huko Play Store hutaiona kamwe, hata upekue mpaka jioni. Lazima uingie kwenye tovuti kwa ileile baruapepe uliyojiungia, utafute "Account", "Billing" au "Subscription".

Tulipofika hapo, safari ilianza. Ukurasa wa kwanza ulimpa kitufe cha rangi cha kubaki na cha kijivu cha kuendelea kufuta. Wa pili ukampa punguzo la nusu bei. Wa tatu ukauliza sababu. Wa nne ukampa "Pause", yaani kusimamisha kwa muda, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu ukisimamisha, makato yanarudi yenyewe muda huo ukiisha. Dada alikuwa ameshaanza kufunga simu akidhani amemaliza. Nikamwambia asiondoke mpaka aone neno "canceled" na tarehe.

Ukiliona, piga skrinshoti ionyeshe neno hilo, tarehe na jina la huduma. Kisha nenda kwenye baruapepe usubiri uthibitisho. Usipofika ndani ya saa chache, waandikie wewe mwenyewe kwamba umefuta tarehe fulani saa fulani, ili kuwe na maandishi. Kufunga akaunti nako ni jambo tofauti. Kuna tovuti zinazofunga akaunti yako na kubaki na usajili, halafu unakuta huwezi hata kuingia ukaufute. Futa usajili kwanza.

Hatua ya tano: kama umeshakatwa

Usianzie benki. Anza na kampuni, siku hiyohiyo, baada ya kufuta. Benki itakuuliza kama ulijaribu kumalizana nao, na utahitaji kuonyesha.

Kabla ya kuandika, tulitafuta baruapepe waliyomtumia siku ya kujiunga. Ilikuwa kwenye kile kichupo cha matangazo. Ilimkaribisha kwa furaha, na ndani yake hakukuwa na bei, tarehe ya kukatwa wala kiungo cha kufutia. Nilifurahi kuiona hivyo, na dada akanishangaa.

Sababu ni hii. Kadi yake ilikuwa ya Visa, na tangu tarehe 18 Aprili 2020 Visa inamtaka kila mfanyabiashara anayetoa majaribio ya bure yanayogeuka makato apate ridhaa ya wazi ya mteja, kisha amtumie kwa baruapepe au ujumbe masharti yenyewe: majaribio yanaanza lini, yanaisha lini, atakatwa kiasi gani na tarehe gani, pamoja na kiungo cha kufutia. Anatakiwa pia kumkumbusha siku 7 kabla ya makato ya kwanza, ingawa kwa majaribio ya siku 7 ukumbusho huo huweza kuishia kuwa uleule ujumbe wa siku ya kwanza. Mastercard nao wana masharti yanayofanana na haya kwa wafanyabiashara wa usajili. Kwa hiyo ujumbe wa karibu usio na bei wala tarehe ni ushahidi wako. Usiufute kwa hasira.

Tuliandika barua fupi kwa Kiingereza chepesi. Ilisema: nilijiunga tarehe 4 Juni kwa majaribio ya bure; nimekatwa dola 39.99 tarehe 24 Juni. Sikutumia huduma baada ya tarehe 4. Ujumbe wenu wa tarehe 4 haukutaja bei, tarehe ya kukatwa wala njia ya kufuta, kama kanuni za Visa zinavyotaka. Nimefuta leo, skrinshoti nimeambatanisha. Naomba pesa yote irudi kwenye kadi ileile, vinginevyo nitafungua madai kwa waliotoa kadi. Hakuna matusi, hakuna hadithi ya ada ya chuo. Anayesoma barua hizi huwa anatafuta mambo mawili tu: tarehe, na kama mtu huyu anajua kufungua madai. Madai ya kadi humgharimu mfanyabiashara ada, na yakizidi Visa humwekea macho, kwa hiyo wengi huona heri kurudisha.

Jibu la kwanza lilikuja kesho yake: wanasikitika, wanaweza kurudisha nusu kwa nia njema. Nusu ya kwanza ni mazoea yao. Ukiikubali kwa maandishi, umejifungia. Tulijibu kwa mistari miwili, kwamba hatukubali nusu, na tunasubiri siku tatu.

Wangekataa, hatua inayofuata ingekuwa kwa aliyetoa kadi. Kadi ya benki unaenda tawini, dawati la huduma kwa wateja, na kusema unataka kupinga muamala wa kadi. Usimalizie kwa mhudumu wa dirishani kukwambia "pesa ikishaenda imeenda". Omba fomu ya kupinga muamala, au andika barua, igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Kadi pepe ya simu unaanzia huduma kwa wateja ya mtandao wako na kudai namba ya malalamiko. Kwa Visa, muda wa madai ya aina hii ni siku 120 tangu muamala ulipopita, hivyo makato ya 24 Juni yangefikia ukomo tarehe 22 Oktoba. Lakini usisubiri, kwa sababu benki nazo hutumia sehemu ya siku hizo kwenye meza zao.

Hapa niseme jambo moja kwa ukali. Usiseme "siujui muamala huu" wakati unaujua. Watu hushauriana hivyo vijiweni, kwamba ukisema umeibiwa mambo yanakwenda haraka. Hiyo ni sababu ya wizi wa kadi, na inafunguliwa kama madai ya aina tofauti kabisa na yale ya usajili uliofutwa. Kampuni itatoa baruapepe yako, saa uliyojiunga na anwani ya mtandao uliotumia, na madai yatakufa hapo, pamoja na uaminifu wako kwa benki. Sema ukweli ulivyo: nilijiunga kwa majaribio, sikuelezwa makato, au nilifuta tarehe fulani, wakaendelea kukata. Hili la pili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndiyo sababu ya ile skrinshoti.

Benki ikikupiga danadana, Tanzania kuna Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Zinataka ulalamike kwanza kwa mtoa huduma wako, na usiporidhika upeleke malalamiko Benki Kuu. Sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati kidogo, kuna tawi la Benki Kuu hapahapa Mbeya. Mtu wa Njombe au Iringa anaweza kuwaandikia. Ila wao wanasimamia benki na huduma za fedha za hapa nchini. Ile kampuni ya PDF ya ng'ambo hawawezi kuiita.

Hatukufika huko. Siku ya tatu kampuni iliandika kwamba inarudisha zote, na ikachukua siku nyingine nane za kazi kuonekana kwenye kadi. Dada alirudi dukani na simu yake, safari hii akicheka, lakini na swali.

"Kaka, wamerudisha 101,575. Zile 2,399 wamekula?"

Hawakula. Walirudisha dola 39.99 zilezile. Zilipotoka zilibadilishwa kwa 2,600, ziliporudi zikabadilishwa kwa 2,540, maana bei ya kuuza dola na ya kununua hazilingani. Hiyo tofauti ya katikati hakuna wa kumlalamikia. Akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akanunua bahasha mbili za kaki, na kabla hajatoka tukaifunga ile kadi.